Kilo tano za maji: mpango wa uuguzi wa mgonjwa mmoja

"Shikamoo sista. Niko mwaka wa pili wa stashahada ya uuguzi. Mgonjwa wangu ana moyo kushindwa kufanya kazi, na mkufunzi amenirudishia mpango wangu wa uuguzi mara mbili. Ameandika kwa kalamu nyekundu: huu ni mpango wa kitabu, si wa mgonjwa wako. Safu zote tano nimejaza: uchunguzi, utambuzi, malengo, hatua na tathmini. Nianzie wapi kurekebisha?"

Marahaba, mdogo wangu. Anzia safu ya pili, kwenye sentensi ya utambuzi wa kiuguzi, maana makosa mengi ya safu nyingine huzaliwa hapo. Sentensi hiyo ina vipande vitatu: tatizo, kinacholisababisha, na dalili zinazolithibitisha. Kila kipande kina kazi yake huko mbele. Tatizo ukiligeuza linakuwa lengo. Sababu ndiyo inayokuelekeza hatua za kuchukua. Dalili ndizo utakazorudi kuzipima siku ya tathmini. Sababu ikiwa ya jumla, hatua nazo zitakuwa za jumla, na dalili zikikosa vipimo, siku ya tathmini utakosa cha kulinganisha, utaishia kuandika "mgonjwa anaendelea vizuri". Nadhani hapo ndipo mkufunzi wako aliposhika kalamu nyekundu.

Nitakuonyesha kwa mgonjwa wa mfano, niliyemuunda kutokana na wengi wa aina yake niliowauguza katika wodi za wanawake huku pwani. Ni mama wa miaka 58, muuza mboga sokoni, ana presha ya muda mrefu. Ameletwa usiku akihema, amekaa wima kwenye machela na hataki kulazwa chali.

Kwenye uchunguzi wa mwanzo, wanafunzi wengi hunakili alichoandika daktari: presha, moyo, miguu kuvimba. Hayo yamo tayari kwenye faili. Wewe unatafuta mambo ambayo uuguzi utayafanyia kazi, na yanapatikana kwa kuuliza na kwa kupima. Mama huyu anapumua mara 28 kwa dakika. Oksijeni kwenye damu, kwa kipimo cha kidoleni, ni asilimia 89 akivuta hewa ya kawaida, na inapanda hadi 95 akiwekewa oksijeni lita 2 kwa dakika kwa mirija ya puani. Mapigo ya moyo ni 108, shinikizo la damu ni 168/102, joto ni 36.7. Ukisikiliza chini ya mapafu yote mawili, mwisho wa kuvuta pumzi, unasikia sauti nyembamba kama nywele zinazosuguliwa karibu na sikio. Mishipa ya shingo imesimama hata akiwa amekaa. Miguu imevimba, na ukibonyeza kidole kwenye mfupa wa muundi shimo linabaki, kutoka vifundoni hadi chini kidogo ya magoti, kulia na kushoto.

Mwangalie na kiunoni kwa nyuma. Mgonjwa aliyelala au kukaa kitandani siku kadhaa, maji humshukia sehemu iliyo chini zaidi, na mara nyingi sehemu hiyo si mguu tena. Nimeona ikiandikwa "uvimbe umepungua" kwa sababu miguu imenywea, kumbe maji yamehamia juu ya makalio.

Kisha mpime uzito. Ni kilo 71.4. Namba hiyo peke yake haina maana mpaka uwe na ya kuilinganisha nayo, kwa hiyo omba kadi yake ya kliniki. Miezi miwili iliyopita alikuwa na kilo 66. Hakuna mtu anayenenepa hivyo huku hamu ya kula imempotea. Kilo 5.4 za ziada ni maji, na kwa kuwa lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, unajua amebeba zaidi ya lita 5 zisizohitajika. Taarifa hiyo itaendesha mpango wako wote.

Yamebaki maswali. Unalala kwa mito mingapi? Anasema mitatu, na usiku uliopita alilala kwenye kiti. Unakula nini nyumbani? Wali na mchuzi wa papa mkavu, siku nyingine ng'onda. Dawa je? Hapa usitie alama ya "anatumia" au "hatumii" ukapita. Mama anajua dawa zake zote kwa rangi na kwa kazi. Ya presha anameza kila siku. Ile ya kutoa maji ameiacha wiki tatu zilizopita, na anakupa sababu: "Mwanangu, ile ya mkojo nikimeza asubuhi siuzi. Choo cha soko kiko mbali, nikiondoka meza inabaki peke yake." Andika maneno hayo kama yalivyo, ndani ya alama za kunukuu. Ni taarifa nzito kuliko nusu ya vipimo vyako.

Sasa tuandike utambuzi. Majina ya tambuzi yaliyomo vitabuni, ya shirika la NANDA, yana chimbuko katika mkutano wa wauguzi uliofanyika St. Louis, Marekani, mwaka 1973, na yametungwa ili yawafae wagonjwa wa kila aina. "Maji kuzidi mwilini" linamfaa mgonjwa wa moyo, wa figo na wa ini. Anayelifanya la mama huyu ni wewe, kwa vipande viwili vinavyofuata. Mwanafunzi wa kawaida angeandika: "Maji kuzidi mwilini kutokana na moyo kushindwa kufanya kazi, kama inavyothibitishwa na miguu kuvimba." Si uongo. Lakini jiulize, wewe muuguzi utaufanya nini moyo wenyewe? Sababu uliyoiandika ni ugonjwa, na ugonjwa ni kazi ya daktari. Tafuta sababu ambayo mkono wako unaifikia. Mimi ningeandika hivi:

"Maji kuzidi mwilini kutokana na kuacha dawa ya kutoa maji kwa wiki 3 na kula chakula chenye chumvi nyingi, kwa mgonjwa ambaye moyo wake unashindwa kufanya kazi, kama inavyothibitishwa na uzito kuongezeka kilo 5.4 katika miezi 2, uvimbe unaobonyea hadi chini ya magoti, sauti mapafuni, na kushindwa kulala chali."

Ugonjwa umebaki kama mazingira ya tatizo, na sababu zimekuwa dawa na chumvi. Vyote viwili vinaingia kwenye kazi yako.

Huyu ana tambuzi nyingine pia, na mpangilio wake si wa kubahatisha. Upumuaji unatangulia: "Ubadilishanaji wa hewa mapafuni umepungua kutokana na maji yaliyojaa kwenye mapafu, kama inavyothibitishwa na oksijeni asilimia 89 na kupumua mara 28 kwa dakika." Hilo linashughulikiwa dakika hii hii. Maji yanafuata. Suala la dawa nyumbani ni la tatu, linasubiri aweze kumaliza sentensi bila kukata pumzi. Na kuna hatari ya ngozi kuchubuka kwa sababu ya uvimbe na kukaa sana. Kwenye hatari usiandike "kama inavyothibitishwa na", kwani jambo halijatokea bado, uthibitisho utautoa wapi? Unaandika hatari na vinavyoileta, basi. Ukishaona ngozi imechubuka, hiyo si hatari tena, na sentensi unaibadilisha.

Kwenye malengo nitakuwa mfupi. Lengo ni la mgonjwa. Ukiona limeanza na "kumpa", "kumfundisha" au "kumsaidia", ujue umeandika hatua kwenye safu ya lengo. Liwe na kitu kinachopimika na muda wa kukipima. Kwa upumuaji: "Ndani ya saa 2, oksijeni itakuwa asilimia 94 au zaidi akiwa kwenye mirija ya puani, na atapumua chini ya mara 24 kwa dakika." Kwa maji, daktari ameandika furosemidi, ile dawa ya kutoa maji, na anataka apungue takriban kilo 1 kwa siku, kwa hiyo: "Ndani ya saa 6 baada ya dozi ya kwanza ya furosemidi, mgonjwa atatoa mkojo usiopungua mililita 100 kwa saa. Kila asubuhi uzito utakuwa umepungua takriban kilo 1 ukilinganishwa na wa jana, hadi ukaribie kilo 66." Kwa nini mililita 100? Kwa sababu mtu mzima wa kawaida anatarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, ambayo kwa mama huyu ni kama mililita 36. Aliyechomwa dawa ya kutoa maji akabaki kwenye 36 hiyo, dawa haijamfanyia kazi, na daktari anapaswa kujua kabla ya saa 6 kuisha vibaya.

Hatua za kiuguzi ndizo zitakazokula karatasi. Kila hatua ijibu nani, nini, kiasi gani, saa ngapi, na pembeni yake kwa nini. "Kufuatilia hali ya mgonjwa" haijibu hata moja. Hebu tuzipitie zile zinazokosewa.

Mkao. Kichwa cha kitanda kinyanyuliwe digrii 45 au zaidi. Kitanda kikiwa cha zamani kisichonyanyuka, pindua kiti cha mbao nyuma ya godoro, mgongo wa kiti uwe mteremko, uweke mito juu yake. Andika hivyo hivyo kwenye mpango, kwa sababu ndivyo itakavyofanyika kwenye wodi yako. Vitabu vingine kwenye sehemu ya uvimbe vinasema nyanyua miguu, na wanafunzi hunakili. Kwa mgonjwa anayehema kiasi hiki ni kosa. Ukinyanyua miguu, maji yaliyokaa miguuni yanarudi kwa wingi kwenye moyo ambao tayari umeelemewa, na mapafu yanajaa zaidi. Utaligundua haraka: ataanza kuhangaika, atakaa wima mwenyewe na kushusha miguu pembeni ya kitanda. Mwache. Miguu ya kunyanyua itakuja siku za mbele, pumzi ikishatulia.

Dawa. Daktari ameandika furosemidi miligramu 40 kwenye mshipa mara mbili kwa siku, na enalaprili, dawa ya presha na moyo, kwa mdomo. Mpango wako usiishie "kumpa dawa kama alivyoandikiwa". Furosemidi ya mshipani huanza kazi kama dakika 5 baada ya kuchomwa na hufikia kilele karibu nusu saa, kwa hiyo kabla ya kuisukuma hakikisha chombo cha mkojo kiko mkononi mwake na kengele, au ndugu, yuko karibu. Isukume taratibu, isizidi miligramu 4 kwa dakika, yaani dozi hiyo ichukue dakika 10, kwa kuwa ikiingia kwa kasi inaweza kudhuru masikio. Akikuambia masikio yanalia, simamisha. Pima shinikizo la damu kabla ya kila dozi. Dozi ya pili ipangwe saa 8 mchana, si saa 4 usiku, la sivyo mama mwenye kizunguzungu atakuwa anatafuta choo gizani, na hapo umejitengenezea mgonjwa wa kuanguka. Dawa hii pia inatoa potasiamu pamoja na mkojo. Andika utakachokitazama: misuli kulegea, miguu kukaza, mapigo ya moyo kuruka, na majibu ya maabara ya potasiamu kila yanapotoka.

Jambo dogo lakini limewahi kuleta vurugu: kwenye chati andika saa kwa mfumo wa 06:00 na 14:00, hata kama mdomoni unasema saa 12 na saa 8. Ukiandika "saa 8", wa zamu ya usiku anaweza kuisoma kuwa saa 8 usiku, yaani 02:00.

Uzito. Kila siku 06:00, akishakojoa, kabla ya chai, mizani ile ile, nguo zile zile. Masharti haya si urasimu. Mkojo uliojaa kibofuni, chai na chapati, khanga mbili na sweta, ukivijumlisha vinaweza kufika kilo 1, na kilo 1 ndiyo tofauti nzima unayoitafuta. Kama wodi ina mizani mbili, andika kwenye mpango ni ipi.

Maji yanayoingia na yanayotoka. Daktari amezuia asizidi lita 1.5 kwa siku. Njia ninayoipenda ni ya chupa: kila asubuhi jaza chupa ya lita 1.5 ya maji ya kunywa, uiweke kando ya kitanda. Akinywa maji, anamimina humo. Akinywa chai, uji au supu, kiasi kile kile kinamwagwa kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Mgonjwa na ndugu wanaielewa bila kujua kusoma chati. Pima kwanza kikombe cha wodi kinabeba mililita ngapi, usikisie. Na kumbuka maji yanayopita kwenye kanula pamoja na dawa; nayo ni maji.

Chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na ndani ya kiasi hicho imo ile iliyokwisha kuwamo kwenye chakula. Papa mkavu na ng'onda vimehifadhiwa kwa chumvi, hata ukiloweka vinabaki nayo nyingi. Hapa usimfundishe mgonjwa peke yake. Hospitali zetu nyingi chakula kinatoka nyumbani, kwa hiyo aliyeshika chumvi ni yule anayepika. Andika: "Kuzungumza na binti wa mgonjwa anayeleta chakula, leo wakati wa kuona wagonjwa." Mwambie alete samaki wabichi badala ya wakavu, ladha aitafute kwenye ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na nazi, na viungo vya mchuzi vya pakiti aviache kwa kuwa vingi vina chumvi ndani.

Twende kwenye tathmini, ambayo naona inaonewa kuliko safu zote. Wengi huiandika siku ile ile waliyoandika mpango, kwa wino ule ule, na kila lengo "limefikiwa". Tathmini inarudi kwenye lengo kwa namba na saa, inasema limefikiwa, limefikiwa kiasi au halijafikiwa, kisha inasema kwa nini na nini kinabadilika.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda. Upumuaji: "Baada ya saa 2, oksijeni asilimia 95, anapumua mara 22. Lengo limefikiwa. Oksijeni iendelee, ipimwe tena kila saa 4." Mkojo wa saa 6 za kwanza ulikuwa mililita 780, yaani 130 kwa saa. Kesho yake asubuhi uzito ulikuwa kilo 70.2. Umepungua kilo 1.2. Lengo limefikiwa.

Siku ya tatu saa 12 asubuhi mizani ikasema 70.1. Amepungua gramu 100 tu. Tazama chati ya maji ya saa 24 zilizopita: yameingia mililita 1,350, yametoka 2,250. Kwa hesabu hiyo alipaswa kupungua kama gramu 900, hata bila kuhesabu jasho na pumzi, asome karibu kilo 69.3. Mizani na chati haviafikiani, na vimepishana kama gramu 800.

Mwanafunzi anayejaza safu angeandika "lengo halijafikiwa, aendelee na mpango". Mpango upi? Ule ule uliokwisha kushindwa? Vikipishana, chunguza mizani kwanza kwa dakika moja: ni ile ile, nguo ni zile zile, alikuwa amekojoa? Kama ndiyo, mimi huiamini mizani kuliko chati, kwa sababu chati inajua tu kile ambacho mtu aliikumbuka. Mkojo umepimwa wote kwenye jagi, mama mwenyewe anathibitisha hajaenda chooni. Dozi zote mbili zimesainiwa na kanula inapitisha. Basi tatizo liko kwenye kinachoingia. Ukimuuliza "umekunywa nini zaidi ya hiki kilichoandikwa?" atasema hakuna. Ukimuuliza "ndugu walikuja na nini jana?" anatabasamu: kaka yake alileta madafu mawili, maana dafu linasafisha mwili na linashusha presha. Madafu mawili yanaweza kufika mililita 800. Hakuna aliyeona kuwa ni maji. Kwake ni dawa.

Na dafu lina jambo la pili. Lina potasiamu nyingi. Ndugu anaweza kukuambia ni vema, si furosemidi inaipoteza? Lakini mgonjwa huyu anameza enalaprili pia, ambayo inaifanya ibaki mwilini, na figo za mgonjwa wa moyo si za kuaminiwa sana. Potasiamu ikipanda inaharibu mapigo ya moyo sawa na ikishuka. Kwa hiyo hujui iko upande gani mpaka maabara iseme. Unamwambia daktari asubuhi hiyo, naye anaagiza kipimo.

Tathmini yako sasa inasomeka hivi: "Siku ya 3, 06:00. Uzito kilo 70.1, umepungua kilo 0.1 kwa saa 24. Lengo halijafikiwa. Chati inaonyesha yametoka zaidi kwa mililita 900, uzito haukubaliani nayo. Mgonjwa amekunywa madafu 2 yasiyoandikwa. Daktari amearifiwa, damu imechukuliwa kwa potasiamu na kreatinini. Mabadiliko: kila kinywaji kinacholetwa na ndugu kipitie kwa muuguzi wa zamu kabla ya kunywewa; kaka wa mgonjwa aelezwe leo jioni; njia ya chupa iendelee." Siku ya nne uzito ulikuwa 69.0. Lengo limefikiwa, na mtu yeyote akisoma faili anaona limefikiwa kwa sababu gani.

Linganisha na kitabu: hakuna kitabu kitakachokuandikia madafu. Kaka huyu, usimgombeze. Ameleta kwa nia njema, na akiona umemfukuza ataleta tena kwa kuficha, chati yako iendelee kudanganya.

Nimebakiza utambuzi wa tatu, nao ndio utakaoamua kama mama atarudi wodini baada ya mwezi. Wengi wangeuandika "upungufu wa elimu kuhusu dawa". Soma tena maneno yake. Elimu anayo, anajua dawa inafanya nini, na ameiacha kwa sababu inafanya hivyo hivyo. Ukimwandikia upungufu wa elimu, hatua yako itakuwa kumhubiria faida za dawa, ataitikia "sawa mwanangu", na akifika sokoni ataiacha tena. Andika: "Kutofuata matibabu nyumbani kutokana na dawa ya kutoa maji kumletea haja ya mkojo saa za biashara mahali pasipo na choo karibu, kama inavyothibitishwa na kauli yake na vidonge vilivyobaki kwenye pakiti."

Ona jinsi sababu hiyo inavyoitoa hatua yenyewe. Kidonge cha furosemidi huanza kazi ndani ya saa moja na nguvu yake nyingi inakwisha ndani ya saa 6 hivi. Mama anafunga meza saa 8 mchana. Akimeza saa 9 alasiri akiwa nyumbani, mpaka saa 3 usiku mkojo umetulia na analala. Kubadilisha saa ya dawa ni uamuzi wa daktari, kwa hiyo hatua yako ni kulipeleka kwenye raundi, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, na kupendekeza saa hiyo. Akishahamia kwenye vidonge, aanze kumeza kwa ratiba hiyo akiwa bado wodini, ili ajionee mwenyewe mkojo unaisha saa ngapi.

Lengo lake: "Kabla ya kuruhusiwa, mgonjwa atataja mwenyewe saa atakayomeza dawa ya kutoa maji, na atataja dalili tatu za kumrudisha hospitali." Dalili ya kwanza ni uzito kupanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Lakini uliza kwanza kama ana mizani. Hana. Basi hatua yako iseme atapima wapi, kwa mfano duka la dawa lililo njiani kwenda sokoni, mara mbili kwa wiki, namba akiiandikia kwenye kadi. Dalili ya pili aiangalie kwenye kandambili zake: mkanda unaoacha alama mguuni jioni, wakati wiki iliyopita haukuacha. Ya tatu ni mito: akihitaji mto mmoja zaidi ya kawaida yake ili apumue, asingoje siku ya kliniki.

Tathmini ya lengo hilo usiiandike "mgonjwa ameelewa". Kuelewa hakuonekani. Mwombe akueleze yeye, kama vile anamweleza binti yake, kisha andika alichosema. Alisema saa 9, akataja kandambili na mito, uzito akausahau. "Limefikiwa kiasi. Uzito aelezwe tena kesho, binti yake akiwepo." Saini, jina, cheo, tarehe na saa, kwenye kila tathmini na si chini ya ukurasa tu. Kisha chukua mpango wako uliorudishwa, funika jina la mgonjwa kwa kidole, usome. Ukiona unaweza kumwekea mgonjwa yeyote wa moyo katika wodi ile, rudi ukaongee naye tena kabla hujaandika upya.